Nilivyomwandikia mwajiri wangu wa zamani tathmini bila kujianika

Tathmini yenyewe ni ya kuweka bila jina kwenye tovuti ambako wafanyakazi huwaeleza wanaotafuta kazi hali ya ofisi zao. Rasimu ya kwanza niliiandika usiku uleule niliporudisha kompyuta ya ofisi. Nashukuru sikuituma. Niliilaza wiki tatu, kisha nikaisoma kama vile mimi ndiye ofisa utumishi wa pale. Kufika sentensi ya pili, nilishajulikana:

"Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilikuta kazi zangu kapewa kijana mpya, na meneja wa mauzo akaniambia kikaoni nivumilie hadi mkataba wa ile benki usainiwe."

Jina langu halimo, lakini mwaka ule aliyejifungua idarani ni mimi peke yangu. Kijana mpya ni mmoja, meneja ni mmoja. Na ile benki? Mkataba wake ulikuwa bado haujatangazwa. Nilitoa mkataba wangu wa ajira kabatini nikasoma kifungu cha usiri: majina ya wateja, bei na mipango ya biashara ni siri hata baada ya kuondoka. Benki ikafutwa hapohapo.

Kwa sentensi zilizobaki nikawa najiuliza: ni watu wangapi wangeweza kuandika hii? Wasipofika watano, naipanua. Ile ya juu ikawa hivi: "Nilirudi kutoka likizo ndefu nikakuta majukumu yangu yamebadilishwa. Sikupewa maelezo yoyote ya maandishi." Imepungua makali, nakubali, ila hakuna uongo ndani yake, na anayetafuta kazi pale anapata anachohitaji kujua.

Iliyoniuma kuifuta ni habari ya mwenzangu mmoja aliyenyimwa ruhusa ya kuuguza. Aliniambia mimi tu, na bado yuko kazini. Ingesomwa, angebanwa yeye. Nikabaki na yangu: mshahara wangu ulichelewa mara tatu. Ulichelewa kwa ofisi nzima, kwa hiyo hakuna wa kunyooshewa kidole. Sikuandika kwamba "wanatudhulumu", maana kuchelewa nina ushahidi wa benki, nia yao siijui. Mahakama inaweza kuiamuru tovuti itoe taarifa za mwandishi, kwa hiyo niliandika tu ninachoweza kukisimamia.

Kwenye fomu, penye cheo nilijaza "Mauzo" tu, nikachagua "aliyewahi kufanya kazi". Nilitumia simu yangu na barua pepe binafsi. Nikafuta pia neno "kimsingi" mara nne. Ofisini walikuwa wananitania kwalo. Nilituma baada ya miezi minne, wengine wawili wakiwa wameshaondoka idarani.

Wiki iliyofuata mwenzangu wa zamani akanitumia kiungo. "Dada, umeona? Huyu atakuwa yule wa stoo."

Wa stoo bado yuko pale. Nikamjibu: "Soma pale juu, imeandikwa aliyewahi."