Ile paa ya Kayole

Hii nyumba ilikuwa ndogo tu, mita 8 kwa 6, huko Kayole, na mimi ndio nilikuwa nimechora paa yake kwa laptopu. Nilichora trasi moja, ile fremu ya mbao ya pembetatu inayobeba paa, kimo mita 1.5 katikati, rafta mita 3.35 kutoka ukutani hadi kileleni, alafu nikaikopi kila mita 1 mpaka zikawa 9, nikalaza palini juu, zile mbao za kupigilia mabati. Kwa skrini ilikaa poa sana, unaizungusha hivi na hivi na kila kitu kimenyooka.

Sasa siku ya kupandisha nikapima kutoka kona, ukuta wa mbele na wa nyuma kila mmoja kivyake, nikaweka alama. Fundi mkuu, mzee mmoja mtulivu, akasimamisha trasi ya kwanza kwa hizo alama, akaweka skwea kati ya mbao na woli pleti, ule ubao unaolala juu ya ukuta, akanyamaza. Alafu akaniuliza, "Kijana, ulipima kona kwa kona?"

Sikuwa nimepima. Tukavuta tepu juu ya kuta: mshazari mmoja 10.06, mwingine 9.94. Mita 8 kwa 6 lazima zote mbili zitoke 10 kamili. Pande zilikuwa sawa lakini nyumba yenyewe ilikuwa imelala, ukuta wa nyuma umesogea karibu sentimita 7 na nusu, na mimi kwa mchoro nilikuwa nimeweka mstatili safi.

Nikauliza kwani shida ni nini na trasi zinaingia? Mzee akanieleza pole pole. Trasi zikilala hivyo, mabati yakifuata ukuta wa pembeni hayatakuwa skwea na palini, kila bati litashuka kama sentimita 1 kuliko lile jirani, ukifika mwisho huku chini ni ngazi ya sentimita 10 na gata haiwezi kaa. Hapo ndio niliogopa kwa kweli.

Tukafuta alama zote. Tukaanza ukuta wa mbele, sentimita 10 ndani ya kona ili upande wa nyuma trasi isikose pa kukalia, tukatoa pembe ya skwea kwa pembetatu ya 3, 4, 5 hadi ukuta wa nyuma, na alama zote za nyuma zikahesabiwa kutoka hapo. Trasi za mwisho kwanza, timazi, tukazifunga na mbao za mshazari, alafu uzi kileleni na uzi mwingine huku chini kwa ncha za rafta, hizo za katikati zikafuata uzi sio ukuta. Moja ilikuwa chini kidogo tukaiwekea kipande cha mbao.

Palini tuliziacha ndefu, zikapita kuta za pembeni, tukazikata mwisho kabisa kwa uzi. Pembeni mmoja nyuma zilitokeza zaidi ya mbele, karibu hizo 7 na nusu, pembeni mwingine kinyume, lakini ukisimama chini huoni. Bati la kwanza lilipolala mzee alishuka, akafunga jicho moja, akaangalia ule mstari wa chini, akasema leteni la pili.