Nilivyoachana na "bei ndogo, matokeo makubwa"

Mteja alinipa kazi ya kutunga kaulimbiu ya sabuni yake ya maji, ile nzito ya kufulia ambayo hutiwa kidogo tu. Mwenzangu aliyenitangulia katika kazi hii akanishauri nisijisumbue: weka "ndogo" upande mmoja, "kubwa" upande wa pili, basi. Ushauri huo ulinipotezea wiki nzima, na hadi leo unaniudhi.

Nilianza na "Bei ndogo, matokeo makubwa". Nikaiandika kwenye karatasi, kisha nikafuta jina la sabuni na kuweka betri, halafu dawa ya mbu, halafu masomo ya ziada. Kote ikakaa vizuri. Hapo nikajua ni tupu. Isitoshe, bei ndogo humtia mnunuzi shaka kuhusu ubora, na neno "makubwa" haliiondoi shaka hiyo kwa sababu halipimiki.

Nikaja na "Tone dogo, povu kubwa". Mizani nne kwa nne, inateleza mdomoni, nikaipenda mno. Mteja naye akaipenda, hadi tulipofua nayo. Sabuni ile ilitengenezwa itoe povu kidogo ili nguo zisuuzike upesi! Povu lenyewe halipimi usafi. Sabuni yenye povu haba inaweza kung'arisha sawasawa. Tungeichapa, kila mnunuzi angechungulia ndoo, akose povu, aseme tumemdanganya. Niliifuta kwa uchungu.

Kilichonifungua macho ni methali: "Mchumia juani hulia kivulini". Hakuna "ndogo" wala "kubwa" humo. Jua na kivuli vinaonekana, na anayekaa kivulini amekifikia kwa sababu alichuma juani. Upande wa kwanza ndio unaozaa wa pili. Nikahesabu mizani: saba na saba. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni vivyo hivyo, ufa mdogo na ukuta mzima bila kivumishi hata kimoja.

Basi nikaacha vivumishi vya ukubwa na udogo, nikatafuta kitu kidogo ambacho mfuaji hukishika kweli. Kifuniko cha chupa! Tulikijaza, tukakimimina kwenye ndoo ya lita 10, tukafua mashati, kanga na shuka, tukarudia siku tatu. Zilitakata. Ikatoka hii: "Kifuniko kimoja, ndoo nzima ya nguo". Nayo ni saba kwa saba, na ukiweka betri mahali pa sabuni haisimami tena.

Ovaroli zenye grisi zilitushinda kwa kifuniko kimoja. Mteja alitaka tunyamaze; nilikataa, maana aliyefua ovaroli ndiye atakayeisema kaulimbiu kuwa ya uongo. Chini yake tukachapa kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: "Nguo za kazi nzito: vifuniko viwili". Mteja alinung'unika, kisha akatia saini.