Chekilisti ya upasuaji ilivyokaa kwenye thieta yetu ndogo

Thieta ya kituo chetu ina kitanda kimoja, na kazi yake kubwa ni upasuaji wa uzazi. Tukitimia tuko watano: daktari, muuguzi wa vifaa, mtoa usingizi, mkunga wa kupokea mtoto, na mimi wa kuzunguka. Chekilisti ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19, na wenyewe wanaruhusu kila mahali wairekebishe. Tatizo la karatasi ni kwamba huishia kujazwa mgonjwa akiwa ameshatoka. Nikaihamishia kwenye ubao mweupe ukutani. Mimi nasoma kwa sauti, na kila mtu anajibu la kwake.

Kuchora alama ya mahali pa kukata hakutusaidii sana, kwa hiyo pale tukaweka mapigo ya moyo wa mtoto: yamesikika saa ngapi? Kutambulishana tunafanya akiwapo mgeni tu. Sisi wengine tunajuana hadi watoto wetu. Lakini kisu hakitolewi mpaka mtoa usingizi ataje saa aliyochoma antibiotiki, iwe ndani ya dakika 60 kabla ya chale. Ikiwa dharura, mfano kitovu cha mtoto kimetangulia, tunauliza machache: jina la mama, mzio, antibiotiki, hesabu ya mopu, vile vitambaa vya kufyonza damu.

Mopu ndizo zilizonifanya nibadilishe zaidi. Karatasi ya asili inauliza hesabu mwishoni, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Sisi hatuna eksirei, kwa hiyo pengo likigundulika ngozi imeshashonwa, ni kumfungua mama upya. Tukaweka hesabu tatu: kabla ya kushona kizazi, kabla ya kufunga tumbo, na kabla ya ngozi. Mopu zinafunguliwa tano tano, wawili tukihesabu pamoja, nami naandika ubaoni.

Siku moja tulikuwa tumefungua kumi. Kabla ya kufunga tumbo nikapata tisa.

“Dokta, moja haipo.”

“Hesabu tena, dada.”

Tisa. Akaacha kushona, akapitisha mkono pande zote za kizazi na juu kuelekea utumbo. Hakuna. Nikapekua ndoo, chini ya mashuka, beseni la kondo la nyuma. Mwishowe nikaenda kwenye meza ya mtoto: mkunga alikuwa amepokea mtoto na mopu imemzunguka, ikafunikwa na khanga.

Tangu hapo ubaoni kuna mstari mpya kabla ya chale: “Khanga mbili za mtoto zipo?” Mopu haimgusi mtoto, haikatwi vipande, wala haitoki chumbani kabla ya hesabu ya mwisho.

Mama akiwa bado kitandani, tunataja damu aliyopoteza, ugumu wa kizazi na rangi ya mkojo mfukoni. Mopu zilizolowa tunazikadiria kwa macho, na macho hupunguza. Palipo na mizani, afadhali zipimwe. Mkunga anayempeleka wodini anarudia hayo matatu kwa mdomo wake kabla hatujasukuma kitanda.