Nilivyosevu somo zima la kufuma kama PDF, picha zote na chati ya rangi ikiwemo

Watu watatu waliniambia kitu kimoja, "si upige tu skrinshoti", na mimi nikapoteza jioni nzima kwa ushauri huo, ndiyo maana naandika hapa ili mwingine asipitie nilikopita.

Iko hivi. Nilikuwa nafuata somo moja la kufuma blanketi la mtoto kwenye saiti fulani, ukurasa mmoja mrefu sana wenye picha 36, kila picha iko kushoto na maelezo yake kulia, halafu chini kabisa kuna chati ya rangi, miraba 40 kwa 52, kila mraba ni kitanzi kimoja na rangi yake ndiyo inakuambia ushike uzi gani. Mwenye saiti akatangaza kwamba anaifunga mwisho wa mwezi. Blanketi langu lilikuwa limefika safu ya 19. Nikajua nisipohifadhi ule ukurasa vizuri, na chati ikiwemo, kazi yangu imeishia hapo.

Nikaanza na skrinshoti kwenye simu kama nilivyoshauriwa. Zilitoka 31. Nikaziunganisha kuwa PDF moja, ikafunguka vizuri, nikafurahi, halafu nikataka kutafuta neno "ukingo" nione ule ukingo unafumwaje, hakuna kitu. Skrinshoti ni picha, na maandishi yaliyo ndani yake ni picha vilevile, huwezi kuyatafuta wala kuyakopi, na ukivuta karibu herufi zinakuwa ukungu. Mbaya zaidi chati ilikatwa katikati ya safu, nusu iko skrinshoti ya 29 na nusu ya 30, na safu mbili zimejirudia pande zote mbili. Kwenye kufuma, kuhesabu safu moja mara mbili maana yake unakuja kufumua. Nikafuta zote.

Basi nikahamia kwenye kompyuta, nikafungua ukurasa kwenye Chrome, Ctrl+P, pale kwenye Destination nikachagua Save as PDF. Hiyo ndiyo njia ya kweli, maandishi yanabaki maandishi na linki zinabaki zinabonyezeka. Ukiona kwenye orodha ileile kuna Microsoft Print to PDF usiichukue kwa kazi hii, hiyo inaona kama inachapa kwenye karatasi na linki zinakufa. Lakini PDF yangu ya kwanza ilikuwa na kasoro nne kwa mpigo: picha sita za mwanzo zipo zilizobaki ni masanduku ya kijivu, maelezo yamehama kutoka kulia kwenda chini ya picha, ule utepe wa juu wenye menyu umejirudia kila ukurasa na kufunika mistari miwili ya maandishi, na chati, ile chati niliyoihangaikia, ni miraba mieupe mitupu 2,080. Hakuna hata rangi moja.

Nianze na picha maana ndizo zilinisumbua zaidi. Saiti nyingi siku hizi hazipakui picha zote ukifungua ukurasa, picha inasubiri mpaka wewe ukaribie ilipo ndipo iitwe, ili kubana data. Mimi nilikuwa nimeskroli mpaka kama picha ya sita nikachapa, na PDF ikabeba hizohizo. Nikasema sawa, nikabonyeza End kwenye kibodi, nikarushwa mpaka chini, nikachapa tena. Safari hii nikapata picha sita za mwanzo na nne za mwisho, katikati yote kijivu! Hapo ndipo nikaelewa kwamba kuruka hakusaidii, ile End imenipitisha juu ya picha za katikati bila kuziita. Dawa ni kubonyeza Space, kila ukibonyeza ukurasa unashuka karibu skrini moja, unasubiri picha itokee kamili ndiyo unabonyeza tena. Kwa picha 36 ilinichukua kama dakika tatu hivi, si kazi. Na ukiwa unashuka fungua kila kisehemu kilichofungwa, vile vya "bonyeza kuona zaidi", maana kilichofungwa kwenye skrini mara nyingi kinabaki kimefungwa hata kwenye PDF. Ukishamaliza usirifreshi ukurasa, utaanza upya.

Kwenye rangi za chati ndiyo nilikaribia kukata tamaa kwa sababu nilidhani saiti imeharibika. Kumbe ile chati si picha. Nilibonyeza kulia juu yake sikuona sehemu ya kusevu picha, ndipo nikagundua ni jedwali la kawaida, kila kisanduku kimepakwa rangi ya nyuma. Na brauza ikichapa inaondoa rangi zote za nyuma isipokuwa wewe useme usiondoe, wazo lao ni kuokoa wino wa printa. Kwenye Chrome unafungua More settings unatia tiki kwenye Background graphics, kwenye Firefox kile kitufe kinaitwa Print backgrounds. Nilipotia tiki tu, kwenye onyesho la pembeni miraba ikajaa rangi palepale, buluu, krimu, ile kijani ya majani, nikapiga kelele mwenyewe chumbani. Kwa hiyo ukiona PDF yako ina sehemu nyeupe mahali palipokuwa na rangi, usihangaike na kingine kabla hujaangalia hiyo tiki.

Sasa mpangilio. Hili naona watu wengi wanaliacha wanasema "PDF ndivyo ilivyo", na si kweli. Ukurasa wa intaneti unajipanga kulingana na upana unaopewa. Ukichagua karatasi ya A4 iliyosimama, brauza inahesabu upana wake wa milimita 210 kuwa kama pikseli 794, na ukitoa pambizo inabaki pungufu ya hapo. Skrini yangu ina pikseli 1366. Yaani ukurasa ukiambiwa una 794 unajiona uko kwenye tableti ndogo, na unafanya kile unachofanya kwenye tableti, unavunja safu mbili kuwa moja na kusukuma maelezo chini ya picha. Hakuna kilichoharibika, umeupa nafasi ndogo tu.

Kuna njia mbili za kuupa nafasi na nilijaribu zote. Ya kwanza, kwenye Scale unachagua Custom unaandika 60, hapo A4 ileile inakuwa na upana wa kama pikseli 1,320 na safu mbili zinarudi. Ila herufi nazo zinapungua, herufi ya kawaida ya pointi 12 inakuwa kama pointi 7, kwa mtu atakayechapa kwenye karatasi kweli ni ya kuumiza macho. Ya pili, na ndiyo niliyobaki nayo, ni kubadilisha Paper size kuwa A3. Sina printa ya A3 na wala siihitaji, hii PDF naisoma kwenye skrini, faili halijali ukubwa wa karatasi! A3 iliyosimama ina upana wa kama pikseli 1,120, herufi zinabaki na ukubwa wake, na somo langu likakaa vilevile, picha kushoto maelezo kulia. Nilijaribu pia A4 iliyolala, upana wake ni sawa na A3 iliyosimama, lakini kimo ni kifupi na ile chati ikakatwa vipande viwili tena. Kwenye A3 chati ilikaa nzima kwenye ukurasa mmoja. Pambizo niliweka None.

Ukabaki ule utepe wa juu. Unajirudia kwa sababu umegandishwa usitembee ukiskroli, na kitu kilichogandishwa hivyo brauza inakichapa kwenye kila ukurasa. Nikaubonyeza kulia, Inspect, ikafunguka ile sehemu ya msimbo na mstari mmoja umepakwa rangi. Unapitisha kipanya juu ya mistari ya karibu mpaka uone utepe mzima umefunikwa rangi kwenye ukurasa, unabonyeza mstari huo, halafu Delete. Utepe unaondoka. Saiti yenyewe haijaguswa, umeufuta kwenye skrini yako tu. Nilifanya hivyohivyo kwa kile kiboksi cha vidakuzi kilichokuwa kimeng'ang'ania chini.

Kulikuwa na kitu kingine cha kuokoa. Yule mwalimu wa somo alikuwa ananisahihisha kwa imeili, meseji 27, mimi namtumia picha ya kazi yangu ndani ya meseji na yeye anajibu. Ukiwa ndani ya Gmail usipige Ctrl+P, tumia kile kialama cha printa kilicho juu kulia mwa mazungumzo, Print all, kinafungua tabu mpya yenye meseji zote zimenyooshwa. Tatizo dirisha la kuchapa linaruka hapohapo kabla picha hazijashuka, ukisevu haraka unapata nafasi tupu. Mimi nilibonyeza Cancel, nikaiacha tabu wazi, nikashuka polepole nikaona kila picha imefika, ndipo nikabonyeza Ctrl+P mwenyewe. Ukiona imeandikwa [Quoted text hidden] usishtuke, hayo ni maneno ya meseji iliyotangulia ambayo tayari yako juu yake. Viambatisho ndiyo shida, kwenye PDF utapata jina la faili tu na si faili lenyewe, kwa hiyo vipakue kimoja kimoja uweke kwenye folda moja na hiyo PDF.

Kabla ya mwisho wa mwezi niliifungua PDF ya somo mara moja nikiwa nimezima intaneti, nikahesabu picha, 36. Nikatafuta "ukingo", ikanipeleka sehemu tatu. Nikavuta chati hadi asilimia 300, mistari iko kali kama wembe. Leo ukifungua ile anwani huoni kitu, ukurasa haupo tena. Mimi niko safu ya 44, PDF iko wazi hapa pembeni ya uzi, na mraba unaofuata ni wa krimu.