Konokono wa kushoto

Leo maabara nimeshika konokono mdogo wa bwawani, ncha ya gamba juu. Mdomo wa gamba uko kushoto!

Kwa jeni ya msokoto wa gamba, baba yake ni DD, mama dd, kwa hiyo yeye ni Dd. Na D, ya kulia, ndiyo inayotawala. Sasa mbona kushoto?

Kumbe yai hujazwa protini za jeni za mama kabla ya kurutubishwa, na hizo ndizo zinazopanga seli za mwanzo. D ya baba inaamka msokoto umeshaamuliwa.

Kinachonichekesha: kwa kuwa yeye ana D, watakaotoka kwenye mayai yake watasokotea kulia wote, hata wenye dd.

Watu wa baiolojia, nyie mlifundishwa kwa konokono au kwa nzi?