Utafiti tendaji wangu ulikuwa hauendi, hivi ndo ulivyokaa sawa

Jamani walimu wenzangu, nipo Dodoma, darasa la nne, huu utafiti umenisumbua muhula mzima. Nilikuwa napanga, nafundisha, halafu nikifika kutafakari sina cha kuandika zaidi ya "wengi hawajaelewa kutoa". Nikabadilisha mbinu mara mbili, nikaongeza mazoezi, wapi.

Kilichosaidia ni kuamua nitaangalia nini wakati bado napanga, kabla sijaingia darasani. Nikachukua swali moja, 503 − 267, nikapitia madaftari naandika jibu lenyewe alilopata mtoto, sio tiki na kosa tu. Hapo ndo nikaona! Wenye 364 wanatoa namba ndogo kwenye kubwa popote ilipo, wenye 246 wanakopa vizuri ila ile sifuri wanaiacha 10 badala ya 9.

Nikatenda wiki mbili kwa vijiti vya mabua ya mtama, mafungu ya kumi na ya mia, nikawapa tena swali la aina hiyohiyo. Kosa la kwanza likaisha karibu lote, la sifuri likabaki, kwahiyo mzunguko wa pili nikaupanga kwa sifuri tu: wanafungua fungu la mia, wanahesabu makumi kumi, wanatoa moja, wanaona yamebaki 9. Jana 236 imetoka safi.