Mpapai ndani ya zahanati

Jumapili tulikuwa tunarudi msibani, tukakata njia ya mkato nyuma ya shule ya msingi. Mwanangu akaachia mkono wangu, akasimama mbele ya boma.

"Mama, kwa nini mpapai umeota ndani ya nyumba?"

Kuta nne za tofali za kuchoma, madirisha matundu matupu, na katikati ya kile kilichokuwa kiwe chumba cha kujifungulia, mpapai umepita juu ya linta. Nilimjibu kwamba nyumba haijaezekwa. Akaridhika, akaanza kutafuta kijiti cha kuangulia papai. Mimi nilibaki nimesimama, maana boma lile nalifahamu kwa namba. Ni mstari wa 17.

Ilikuwa Februari 2019 na sisi wataalamu wa halmashauri tulikuwa tunapeleka kwenye Baraza la Madiwani bajeti ya 2019/2020. Miaka yote bajeti yetu ilipangwa kwa idara: elimu, afya, ujenzi, kilimo, mpaka ukurasa wa mwisho. Diwani akipewa kabrasha la namna hiyo anafanya jambo moja tu, anatafuta kata yake. Asipoiona anawaka, na ili asiwake tunamwekea milioni 10. Kila kata ikipata milioni 10, kila kata inapandisha kuta hadi usawa wa madirisha na kuishia hapo. Mji wetu ulijaa maboma kwa utaratibu huo, na kila moja lilipitishwa kwa makofi.

Mwaka ule nilimwomba Mkurugenzi anikubalie nipange tofauti. Makadirio ya mapato ya ndani yalikuwa bilioni 1.6, na asilimia 40 yake, yaani milioni 640, ilikuwa ya miradi ya maendeleo. Humo, milioni 160 zilikwisha kuwa na wenyewe: ile asilimia 10 ya mapato ambayo sheria ilikuwa imetufunga mwaka 2018 kuitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Zilibaki milioni 480. Maombi kutoka kwenye kata, yakijumlishwa, yalivuka bilioni 2. Kodi ya majengo ilikwisha kuhamia TRA, kwa hiyo tulitegemea soko, stendi, leseni na ushuru, vitu vinavyoyumba.

Ndiyo maana nilijiuliza swali moja kwa kila mradi: fedha zikikatika njiani, huu ukatwe wa ngapi? Kundi la kwanza likawa la yale ambayo sheria inataka, na yale ambayo yakikosekana watu wanaumia mwaka huo huo. La pili, yale yanayomalizia kilichoanzwa au yanayorudisha mapato. La tatu, yanayoweza kusubiri. Pembeni ya kila mradi niliweka safu mbili: gharama, na wanufaika. Katika wanufaika nilijiwekea sharti gumu. Nahesabu mtu tu kama faida itamfikia ndani ya mwaka wa fedha, kwa vitu vilivyo mikononi mwetu.

Mfano ulionipa imani na mpangilio huu ulikuwa wa vyoo. Shule moja ilikuwa na wasichana 520 na matundu 8, yaani wasichana 65 kwa tundu moja, na mwongozo unataka wasizidi 20. Walihitaji matundu 26, kwa hiyo pengo lilikuwa 18. Tulikadiria milioni 1.1 kwa tundu, jumla milioni 19.8. Fundi akimaliza leo, kesho wanatumia. Mradi ule ukapanda moja kwa moja hadi kundi la kwanza. Kwa mpangilio wa idara ungepotea chini ya ukurasa wa elimu, kwa sababu hakuna anayekata utepe wa choo.

Zahanati ilinishinda kwa sharti lile lile. Ilibaki milioni 54 kuikamilisha: 22 za kenchi, mbao na bati, na 32 za lipu, dari, sakafu, milango, choo na kichomea taka. Hata tungezitoa zote, mganga na muuguzi wanapangwa na serikali kuu, na dawa haziletwi kwenye jengo lisilosajiliwa. Wanufaika ndani ya mwaka: sifuri. Niliandika sifuri, nikaiweka kundi la tatu.

Kamati ya Fedha ilipitisha bila shida kubwa. Baraza nalo, kwa nusu saa ya kwanza, lilikwenda vizuri. Nilisoma kundi la kwanza, nikaeleza kwamba mpangilio huo ndio utakaokuwa mpangilio wa kutoa fedha kila mwezi kadiri makusanyo yanavyoingia. Waheshimiwa walifuatilia kwa vidole kwenye makabrasha. Nilipofika mstari wa 17, diwani wa kata ile akawasha kipaza sauti.

Alikuwa mama wa makamo, aliyezoea kukaa kiti cha pili kutoka dirishani, na hakuwa msemaji. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mtaalamu atusomee safu ya wanufaika, mstari wa 17."

Nikasoma. "Sifuri."

Ukumbi ukacheka kidogo, wale waliodhani ni kosa la uchapaji. Yeye hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limefungwa kwa mpira. Akaanza kusoma. Kaya ya fulani, tofali 100. Kaya ya fulani, tofali 100. Kaya ya fulani, tofali 60, na ndoo 20 za maji. Mwenyekiti alimwacha. Alisoma taratibu, kidole kikishuka ukurasa mzima, akageuza, akaendelea. Nilikuwa nimesimama kwenye mimbari na fimbo ya kuonyeshea ubaoni, sijui niishushe au niishike. Kulikuwa na feni moja iliyokuwa inagonga, na kati ya mlio mmoja na mwingine nilisikia majina ya watu ambao mama yangu anawajua.

Alifika ukurasa wa tatu, akafunga daftari. "Kaya ziko 214. Mtaalamu, gharama umeandika milioni 54. Ya kwetu umeiandika wapi?"

Jibu nililokuwa nalo ni la darasani, na sikulitoa. Tulifundishwa kwamba kilichokwisha kutumika hakihesabiwi. Unaangalia kinachobaki kutumika na faida inayokuja. Tofali zilishakwenda, ziwe za nani. Nilikuwa nalifungua kinywani nilipomwona Mhandisi, upande wa wataalamu, ameinamisha kichwa. Mwenyekiti akamwuliza hali ya kuta.

Mhandisi akasema alipita hapo Januari. Kuta zilikuwa na mvua mbili juu yake bila kofia. Kozi mbili za juu zilitikisika kwa mkono, na udongo wa viungo ulikuwa unatoka kwa kidole. Mvua nyingine moja au mbili, tutabomoa hadi linta na kuanza upya. Alikadiria kazi iliyosimama pale kuwa ya kama milioni 15.

Hapo ndipo nilipoelewa kasoro ya jedwali langu, nikiwa bado nimesimama mbele yao. Mama yule aliuliza kuhusu tofali zilizokwisha kutolewa, na darasa langu lilikuwa sahihi kuhusu hizo. Lakini milioni 15 zilikuwa bado hazijapotea. Zilikuwa zinapotea, kidogo kidogo, kwa kila wingu. Mradi wa milioni 54 mwaka huu ungekuwa wa karibu milioni 70 miaka miwili mbele, na mimi nilikuwa nimeuweka kwenye kundi la "yanayoweza kusubiri". Choo kisichojengwa kinabaki pale pale kilipo. Ukuta usioezekwa unarudi nyuma. Jedwali lilikuwa na safu ya faida ya kufanya na halikuwa na safu ya gharama ya kuacha.

Nililisema hilo kwa kifupi, sauti ikinikwama. Baraza likajadili, likaazimia: kuezeka tu, milioni 22, ili kuta zisalimike, umaliziaji usubiri. Fedha zitoke kwenye uzio wa ofisi na vitu vingine vya kundi la tatu. Paa lipande kundi la pili. Wanaoafiki wakasema ndiyo. Mama akarudisha daftari mkobani.

Usiku ule nilirekebisha jedwali. Azimio lilisema kundi la pili, halikusema nafasi ya ngapi. Nilitanguliza mabati na mifereji ya soko, milioni 90, kwa sababu soko likivuja wafanyabiashara hawalipi ushuru, na ushuru ndio ungelipa yanayofuata. Nikafuatisha mengine mawili yenye mikataba tayari. Paa la zahanati likakaa mwisho wa kundi. Kila nafasi ilikuwa na sababu, na kila sababu ningeweza kuitetea. Hakuna aliyeniuliza.

Yaliyofuata mnayajua wote. Mazao mwaka ule yalichelewa kutoka, makusanyo yakaanza vibaya. Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona, stendi ikapoa, nyumba za wageni zikawa tupu. Tulifunga mwaka na asilimia 78 ya makadirio. Kundi la kwanza lilikamilika, matundu 18 ya vyoo yalijengwa. Kundi la pili liliishia mistari miwili juu ya paa. Baraza lilivunjwa kuelekea uchaguzi wa Oktoba, na yule mama hakurudi. Mwaka uliofuata hesabu ya Mhandisi ilikuwa imebadilika, na boma likaingia orodha nyingine, ya yale yanayohitaji kubomolewa kwanza.

Tangu hapo naweka safu ya tatu, gharama ya kuacha, na ndani ya kila kundi naandika sababu ya kila nafasi ili baraza lipige kura hadi hapo. Limenisaidia mara kadhaa. Lakini nimejaribu mara nyingi kulipanga upya jedwali lile la 2019 kwa safu tatu, na bado soko linatangulia, kwa hesabu. Paa linapanda nafasi moja. Kwa asilimia 78, nafasi moja isingelitosha. Kwa hiyo labda hakuna kilichopotea kwa mkono wangu. Hata hivyo siwezi kuupita mstari ule nilioupanga peke yangu usiku, bila daftari lile mezani.

Mwanangu alifanikiwa kuangusha papai moja, likiwa bado bichi. Akaniuliza ni la nani, tusije tukaambiwa tumeiba. Nikamwambia tulipeleke kwa mwenye nyumba ya jirani, mzee mmoja ambaye jina lake nililisikia likisomwa, ukurasa wa pili, tofali 100. Alilipokea, akalipima kwa kiganja, akasema litafaa kwa mboga.